Kubadilisha jibu kwenye mtihani wa lugha wa kuchagua: lini ufute, lini uache

"Shikamoo mwalimu. Najiandaa na mtihani wa Kiswahili, maswali 50 ya kuchagua A mpaka D. Kila nikifanya pepa la mazoezi namaliza mapema, nikianza kupitia tena nafuta baadhi ya majibu, halafu likisahihishwa nakuta pale pa kwanza nilikuwa nimepata. Watu wote wananiambia jibu la kwanza ndo jibu, usiliguse. Sasa niache kabisa kubadilisha au kuna wakati inafaa?"

Marahaba mdogo wangu. Usiache kabisa, ila kuna aina moja ya kubadilisha ambayo inabidi uiache na nahisi hiyo ndo inakutafuna. Ntafika huko.

Kwanza naomba uyatoe yale mapepa yako ya mazoezi ya zamani, yale yenye alama za raba, uyahesabu. Usihesabu maksi, hesabu ulipofuta. Kila ulipofuta andika pembeni moja kati ya hizi tatu: nilitoka kwenye kosa nikaenda kwenye sahihi, nilitoka kwenye sahihi nikaenda kwenye kosa, au nilitoka kosa moja nikaenda kosa lingine. Nakuambia uhesabu kwa sababu umeandika "kila", na mimi hilo neno "kila" silipingi kama hisia ila kama hesabu silikubali mpaka nione karatasi.

Manake hili jambo limepimwa miaka mingi sana, tangu 1929 kuna mtu alishachapisha utafiti kuonyesha kwamba wanafunzi wanapobadilisha majibu kwa kawaida wanapata kuliko wanavyopoteza. Mwaka 1984 watafiti watatu wakakusanya tafiti 33 za aina hiyo na picha ikawa ileile. Halafu 2005 ukaja utafiti ambao mimi naupenda zaidi, ulifanyika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, wakachukua mitihani ya wanafunzi 1,561 wakakagua alama za raba moja moja. Asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sahihi, 25 yalitoka sahihi kwenda kosa, na 23 kosa kwenda kosa lingine. Yaani kwa kila jibu zuri lililoharibiwa, mawili mabaya yalirekebishwa. Na wanafunzi walewale walipoulizwa, watatu kati ya wanne walisema jibu la kwanza ndo huwa zuri zaidi! Hiyo ilikuwa mitihani ya saikolojia lakini, sio lugha, kwa hiyo una haki ya kuniuliza inatuhusu nini. Mwaka huohuo 2005 kuna utafiti mwingine ulifanywa kwa wanafunzi wa Kuwait na Falme za Kiarabu waliokuwa wanafanya mtihani wa Kiingereza wa kuchagua, una sarufi, kujaza nafasi na ufahamu, na huko pia kwa jumla waliobadilisha walitoka na faida.

Sasa mbona watu wote wanaamini kinyume? Hao hao wa Illinois walilichimba hili. Ukibadilisha jibu likawa kosa, unaumia kwa namna ya pekee, kwa sababu maksi ulikuwa nayo mkononi ukaitupa mwenyewe. Hilo linakaa kichwani, unalisimulia. Ukibadilisha likawa sahihi, karatasi inarudi na tiki tu, huikumbuki hata kama ulifuta. Na ukiacha jibu la kwanza likawa kosa, unasema basi tu, sikujua. Kwa hiyo mwisho wa mwaka kichwani mwako umejaza zile za kujiharibia peke yake. Na ticha wako, na kaka yako, na wote wanaokuambia usiguse, wana kumbukumbu ya namna hiyohiyo.

Ila usije ukachukua ile 51 ukakimbia nayo. Ile hesabu ni ya majibu ambayo mtu mwenyewe aliamua kuyabadilisha, maana yake kuna kitu kilimgusa, alisoma vibaya mwanzo, alikumbuka, aliona kidokezo mbele. Majibu ambayo hakuyagusa hayamo. Sasa mtu akisikia kubadilisha kunalipa halafu akaanza kubadilisha kwa sababu tu muda umebaki na mikono inawasha, huyo hayumo kwenye ile hesabu, ameingia kwenye hesabu yake mwenyewe. Wewe unasema unamaliza mapema. Hapo ndo ninapokutilia shaka.

Basi swali ni hili, ushahidi wa kutosha kufuta jibu kwenye pepa la lugha unafananaje? Kwenye hisabati ni rahisi, unapiga hesabu mara ya pili unaona. Lugha ni tofauti kwa sababu majibu yanatoka sehemu mbili. Kuna sikio, yaani ile sauti inayokuambia "hii inasikika vizuri" kabla hujafikiri, na kuna kanuni, yale ya ngeli na upatanisho uliyofundishwa. Jibu la kwanza mara nyingi linatoka kwa sikio kwa sababu ni la haraka. Unapopitia tena ndo kanuni inaamka. Kwa hiyo kubadilisha jibu kwenye lugha mara nyingi ni kanuni inamkosoa sikio, na wote wawili wanaweza kukosea, kila mmoja kwa namna yake.

Tuanze na sikio linavyokosea. Swali linasema:

Barua za mwalimu ____ jana.
A. alifika  B. ilifika  C. zilifika  D. vilifika

Ukiwa na haraka unaweza kuweka A bila kujijua, kwa sababu neno lililo karibu na nafasi ni "mwalimu", na "mwalimu alifika" inateleza mdomoni yenyewe. Sikio halijakosea lugha, limesikiliza neno lisilo lenyewe. Ukirudi unaona "za". Kilichofika ni barua, tena nyingi, basi C. Huo ni ushahidi, unaweza kuuwekea kidole pale kwenye karatasi. Na kuna kipimo kizuri hapa, ondoa yale maneno ya katikati usome tena: "barua zilifika jana". Umeona? Sikio lenyewe limekubali. Kanuni na sikio wamekaa upande mmoja, futa bila huruma.

Vivyo hivyo na "Viongozi wa kijiji ____ jana", mtu anaona vi- anavutwa kwenye "vilikutana" wakati viongozi ni watu kwa hiyo ni "walikutana". Au "Angalisoma kwa bidii ____ mtihani", umeweka "angefaulu", kurudi unaona mwanzo kuna -ngali- na kwenye pepa za sarufi wanataka zifanane, kwa hiyo "angalifaulu". Kote huko kilichokufanya ubadilishe kimeandikwa ndani ya swali lenyewe.

Sasa geuza upande wa pili.

Ndugu ____ amefika.
A. wangu  B. yangu  C. changu  D. langu

Sikio likakupa B, "ndugu yangu", umeweka, umeenda. Kwenye kupitia kanuni inaamka inasema, ngoja, ndugu ni mtu, watu wako A-WA, mtoto wangu, mgeni wangu, na hata kitenzi hapa ni "amefika", basi lazima "ndugu wangu". Unafuta. Umekosa! Majina ya udugu na ukaribu kama ndugu, mama, baba, rafiki yanachukua yangu na zangu ingawa kitenzi chake kinabaki cha A-WA. Kanuni uliyoikumbuka ni ya kweli ila haifiki hapo, na sikio lilikuwa linajua kwa sababu umelisikia hilo neno mara elfu. Hii ndo ile aina niliyokuambia uiache. Kanuni ya jumla, iliyokumbukwa nusu, ikatumika kumfukuza sikio kwenye kifungu kifupi cha maneno ambacho kila mtu anakisema.

Nilikuwa natamani nikuishie hapo, kwamba kwenye vifungu vifupi mwamini sikio. Lakini tazama hili.

Gari ____ limeharibika.
A. yangu  B. langu  C. changu  D. wangu

Sikio la wengi litasema "gari yangu", kwa sababu mtaani ndo tunavyosema, mimi pia nasema. Kwenye Kiswahili sanifu gari liko LI-YA, ni "gari langu", na kitenzi "limeharibika" kipo palepale kinakupigia kelele. Hapa aliyebadilisha kutoka A kwenda B amepata. Kwa hiyo "yangu" mbili, zote za mazoea, moja ya kuacha na moja ya kufuta. Tofauti yake ni nini? Kwenye gari kuna kitu ndani ya swali, lile li- la kitenzi, kinachounga mkono jibu jipya. Kwenye ndugu lile a- la "amefika" linaonekana kama linaunga mkono "wangu" lakini ni mtego, kwa sababu majina ya udugu ndo yalivyo, kitenzi kinaenda A-WA na umiliki unaenda kwake. Hilo hulijui kwa kulikodolea macho swali chumba cha mtihani. Unalijua kwa kuwa ulishakosea nyumbani ukaliandika. Ndo maana sina kanuni moja ya kukupa ya siku ya mtihani, kazi kubwa inafanyika kabla.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwenye mapepa manne matano ya mazoezi yajayo, unapojibu mara ya kwanza kabisa, weka alama ndogo ya penseli kwenye karatasi ya maswali kila ukijibu. Tiki kama una uhakika, kiulizo kama unasitasita, na msalaba kama umebahatisha tu. Weka palepale, usisubiri. Kuna utafiti wa 2016 ulifanya kitu kama hiki kwa wanafunzi wa chuo, wakaandika uhakika wao kwa kila swali wakati huohuo wa kujibu, na ikaonekana ile alama ya uhakika iliyowekwa papo hapo ilikuwa inasaidia kweli kujua jibu gani libaki na lipi lirekebishwe. Shida ya kupitia mwishoni bila alama ni kwamba ukishachoka kila jibu linaanza kuonekana la uongo, si umewahi kuandika neno moja mara nyingi mpaka likaonekana kama sio neno? Ndo hiyo.

Halafu wakati wa kupitia, unaporudi kwenye viulizo na misalaba, kabla hujafuta andika neno moja la sababu. "Upatanisho", "nilisoma vibaya", "mstari wa 4", "swali la 31", au kama huna andika "hisia". Ukishasahihishiwa unapanga.

Tuchukue mfano wa kubuni ili uone inavyosomeka. Tuseme umefanya pepa moja la maswali 50 umefuta mara 12. Umekuta 5 yametoka kosa kwenda sahihi, 4 yametoka sahihi kwenda kosa, 3 kosa kwa kosa. Ukiangalia hivyo tu utasema faida ni maksi moja, upuuzi, bora niache. Lakini soma safu ya sababu. Yale 5 yaliyokulipa: mawili "nilisoma vibaya" kwa sababu swali lilitaka jibu *lisilo* sahihi na wewe ukaruka, mawili "upatanisho", moja "swali la 31". Yale 4 yaliyokuumiza: matatu "hisia", moja "upatanisho" na ndo lile la ndugu yangu. Yale 3 ya kosa kwa kosa ni misamiati na zote "hisia". Kwa hiyo ungekataa kufuta kila palipoandikwa "hisia" ungebaki na mabadiliko 6, matano yakiwa ya faida na moja la hasara. Maksi nne juu badala ya moja. Na sasa una orodha yako mwenyewe, unajua kwamba kwako upatanisho unalipa isipokuwa kwenye majina ya udugu. Mwenzako atakuwa na orodha tofauti, kuna mtu sikio lake ni zuri ajabu na kanuni zake ni za kuokoteza, huyo afute kidogo kuliko wewe.

Hilo la "swali la 31" nilifafanue kidogo kwani watu hawalitumii. Pepa la lugha limeandikwa kwa lugha hiyohiyo linayoipima. Unahangaika swali la 12 kama ni "maji haya" au "maji hii", halafu mbele kwenye habari ya ufahamu ya swali la 31 wameandika "maji haya". Mtunzi amekupa jibu bila kukusudia. Ukilikuta rudi ufute, huo ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu yako. Ila uwe ni ndani ya habari au kwenye maelezo ya swali, usichukue kwenye machaguo ya swali lingine, kule wameweka makosa kwa makusudi.

Kwenye ufahamu msimamo wangu ni rahisi, usibadilishe mpaka uwe na mstari. Rudi kwenye habari utafute sentensi inayobeba jibu jipya, na uangalie pia kama jibu la zamani lilikuvutia kwa sababu limerudia maneno ya habari neno kwa neno, maana mtego wa ufahamu unaopendwa na watunzi ndo huo, chaguo lina maneno yaleyale ya habari ila maana imepindishwa. Msamiati ni kinyume, neno usilolijua halitajulikana kwa kulitazama dakika tano, labda sentensi iliyolizunguka ikuambie kitu ambacho hukukiona. Na kama mtihani una sehemu ya kusikiliza, pale sauti imeshapita, kilichobaki kichwani kinabadilika kila ukikifikiria. Kama uliandika noti tumia noti, kama hukuandika, mimi naacha lile la kwanza. Mitihani mingine ya kompyuta hairuhusu kurudi nyuma kabisa, kwa hiyo soma maelekezo kabla hujapanga mkakati wa kupitia.

Vitu ambavyo sio ushahidi, nakuandikia haraka: kwamba umeweka C mara nne mfululizo, kwamba jibu limekuwa rahisi mno, kwamba hujachagua D muda mrefu, kwamba umemuona mwenzako bado anafuta.

Kuna wengine wananiuliza mpaka niwe na uhakika wa kiasi gani ndo nifute. Huhitaji uhakika mkubwa. Unahitaji tu jibu jipya liwe na nafasi kubwa kuliko la zamani. Kama la zamani ulilibahatisha, msalaba, katika machaguo manne lilikuwa na nafasi moja kati ya nne tu, hivyo hata sababu ndogo ya kweli inatosha kuhama. Kama lilikuwa tiki, sababu iwe nzito. Na hata kwenye mitihani inayokata maksi kwa kosa hesabu hii haibadiliki, kwa sababu ukikosa kwa A au ukikosa kwa B makato ni yaleyale. Makato yanahusika pale unapoamua kujibu au kuacha wazi.

Sasa kuhusu mikono. Kama unajaza karatasi inayosomwa na mashine, futa mpaka iwe nyeupe, kivuli cha penseli kikibaki mashine inaweza kuona majibu mawili. Na kabla hujafuta mfululizo wa majibu kwa sababu "yote yanaonekana mabaya", hakikisha hukuruka namba, yaani jibu la 23 limekaa kwenye 24 na kuendelea. Hiyo ikitokea usianze kufikiria lugha, hamisha tu.

Mwisho, lini umtafute mtu. Ukishafanya mapepa manne kwa alama hizi na bado mabadiliko yenye sababu, sio yale ya hisia, yanakuumiza zaidi ya yanavyokusaidia, basi tatizo sio kufuta, ni kanuni zenyewe umezishika vibaya. Peleka ile safu ya sababu kwa mwalimu wako wa Kiswahili mkae nayo nusu saa, ataona haraka sana kuliko akiona maksi tu. Kama unajikuta unasoma vibaya mara kwa mara, unaruka mistari, herufi zinacheza, kapime macho. Na kama kurudia kunakufanya moyo uende mbio, unafuta na kurudisha jibu lilelile mara tatu nne, humalizi, au hata nje ya mtihani unakagua vitu mara nyingi huwezi kuacha, hilo ongea na mshauri nasaha ana kwa ana, mimi kwa maandishi sitoshi.

Anza na mapepa ya zamani leo. Yale ambayo hukuandika sababu huwezi kuzikumbuka, usizitunge, hesabu tu matokeo, kisha pepa jipya la kwanza weka alama tangu swali la 1.